Wasee na wazee katika ujumbe mmoja: Heshima hukaa wapi?

WATAALAMU wa isimujamii wanapochunguza heshima katika lugha, aghalabu huanza na watu wawili: mmoja anasema, mwingine anasikiliza. Brown na Gilman (1960), katika makala yao mashuhuri kuhusu viwakilishi vya nafsi, walionyesha jinsi Mfaransa anavyolazimika kuchagua kati ya 'tu' na 'vous' kila anapomsemesha mtu. Uchaguzi huo huonyesha mara moja iwapo anayesemeshwa ni mwenzake au ni mkubwa wake. Zipo lugha za Kibantu, mathalan Kichewa na Kishona, ambazo pia humwita mkubwa mmoja kwa nafsi ya wingi.

Kiswahili sanifu hakina mlango huo. Mtoto na mzee wote ni 'wewe' na 'u-' wakiwa pekee, na 'nyinyi' na 'm-' wakiwa wengi. Heshima hutafutwa kwingine: katika salamu, katika jina la kumwitia mtu, na katika umbo la kitenzi. Haya yameelezwa vizuri darasani. Ninalotaka kulichambua leo ni jambo ambalo vitabu vyetu vya isimujamii huligusa kwa nadra, nalo ni ujumbe mmoja unaowafikia mzee na kijana kwa pamoja, katika dakika ileile, kwa maneno yaleyale.

Ujumbe wa aina hiyo si kitu cha kubuni. Nenda Kibera, Laini Saba au Gatwekera, ama Kawangware, Gatina au Kongo, uulize jinsi watu wanavyoitana kwenye matanga, chama cha akiba au mkutano wa ploti. Utaambiwa kuna kundi la WhatsApp. Kundi lenyewe lina mzee mwenyekiti, kina mama wanne au watano waliolianzisha, na vijana wengi ambao ndio wenye simu za kuandika haraka. Kwa sababu hiyo kijana huwa katibu. Yeye ndiye anayeandika, nao wakubwa wake ndio wanaosoma.

Nimeutunga ujumbe ufuatao kwa kuunganisha mambo ambayo nimeyaona tena na tena katika makundi ya namna hii. Majina si ya mtu yeyote.

"Niaje wasee. Mnajua Brayo alidedi juzi na bado mko kimya. Matanga ni kwa kina Mama Brayo leo saa kumi na mbili. Kila mtu atume soo mbili kwa hii namba kabla ya kesho, wazee mtume soo tano. Machali mkuje mapema mbebe viti. Ambao hawatatuma tutaweka majina yao hapa. Asanteni wazee wetu, Mungu awabariki."

Msomaji wa kawaida wa safu hii ataudaka ujumbe huu kwa Sheng. Atasema kijana ameharibu lugha, na angeandika Kiswahili sanifu mambo yangekuwa sawa. Sikubaliani naye. Sheng imo, ndiyo, na mahali pamoja imeleta madhara makubwa ambayo nitayaeleza. Lakini ukiufanyia ujumbe huu usafi wa msamiati pekee, uondoe 'niaje', 'soo' na 'machali', utabaki na utovu wa adabu ulioandikwa kwa Kiswahili safi. Kasoro yenyewe imo katika vitenzi.

Tuvitazame. "Mnajua... na bado mko kimya." Hapa kijana anawashtaki watu, na kiambishi 'm-' hakichagui nani anayeshtakiwa. Kinamzoa mzee wa miaka 70 pamoja na rika la mwandishi. Huenda mwandishi alikuwa akiwafikiria wenzake waliosoma ujumbe wa kwanza wakakausha. Hata hivyo, mzee akisoma 'mko kimya' anajiona yumo. Kisha linafuata "wazee mtume soo tano." Hapa 'm-' imepewa mwenyewe kwa jina, na mambo yamezidi kuharibika, kwa sababu sasa mtoto amewakadiria wazee kodi. Vitabu vya sarufi vitatwambia kwamba 'mtume' ni dhamira tegemezi, nayo ni laini kuliko amri ya 'tumeni'. Kisarufi ni kweli. Lakini katika Kiswahili cha Nairobi 'mtume' kutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa, bila neno la kuomba mbele yake, hupokewa kama amri tu. Ulaini wa umbo hilo umekwisha kuchakaa.

Halafu kuna ile sentensi ya mwisho. Ina 'asanteni', ina 'wazee wetu', ina dua. Vijana wengi huamini kwamba heshima ni kitu cha kuwekwa mwanzoni na mwishoni, kama kifuniko na kitako, na katikati mtu aweza kusema apendavyo. Ndiyo maana utaona ujumbe unaoanza kwa "Shikamooni wazee wetu wapendwa" na mstari wa pili ukasema "kila mtu alipe." Brown na Levinson (1987) wangesema kwamba tendo linalotishia uso wa msikilizaji ni lile ombi la pesa, wala si salamu. Kwa hiyo kinga iwekwe pale penye tishio. Salamu nzuri iliyo mistari mitatu juu haimkingi mtu dhidi ya 'mtume'.

Nimetaja majina ya kuitana, na hapa pana jambo ambalo mimi hulifurahia kila nikilifikiria. Neno 'msee', wingi 'wasee', ambalo kwa Sheng ni mtu wa rika, jamaa, mwenzangu, huchukuliwa na wengi kuwa ni 'mzee' yuleyule aliyebadilishwa sauti. Cheo cha babu kimekuwa jina la kumwitia kijana mwenzako. Wala si hilo pekee. 'Buda' lilikuwa baba kabla ya kuwa salamu ya vijana kituoni. 'Mkuu', 'mkubwa', 'chifu' na 'bosi' yote yamepita njia hiyo, na hata 'mheshimiwa' limekatwa likawa 'mhesh', kisha makanga akampa abiria yeyote aliyevaa koti. Vyeo vya heshima hushuka thamani vinapotumiwa ovyo, na rika la vijana huvichukua kwa mzaha kisha vikakaa. Kibera ilikuwa na mfano wa kinyume: kwa miaka mingi neno 'Baba' pekee, bila jina la mtoto, lilikuwa na mwenyewe, aliyekuwa mbunge wa Lang'ata wakati Kibera ikiwa sehemu ya eneobunge hilo, na waliomwita hivyo walikuwamo watu waliomzidi umri.

Kwa sababu hiyo, ujumbe unaoanza "Niaje wasee" katika kundi lenye wazee una tatizo ambalo halionekani kwa macho. Mzee aweza kulisoma 'wasee' akadhani ni yeye, ameandikiwa vibaya. Aweza pia kujua kwamba si yeye, na hilo ndilo baya zaidi, maana atatambua kuwa salamu ya kwanza ya kundi imempita. Bell (1984) alipendekeza tuitazame hadhira kwa matabaka: kuna anayesemeshwa, kuna anayejulikana kuwa yupo na anasikiliza ingawa hasemeshwi, na kuna anayesikia kwa mbali. Ujumbe wetu umewasemesha vijana na kuwafanya wazee wasikilizaji wa pembeni, kisha ghafla ukawageukia kudai pesa.

Sasa neno 'alidedi'. Hapa ndipo nilipokubali kwamba Sheng imeleta madhara. Kati ya vijana wawili waliokua na Brayo, 'alidedi' si dharau. Ni namna ya kulisogeza jambo zito mbali kidogo ili mtu aweze kulisema. Lakini mama yake yumo kwenye kundi hilohilo. Lugha zote za watu wa Kibera na Kawangware zina njia za kulizunguka neno la kifo, na Kiswahili kimejaliwa nyingi: ametuacha, ametutoka, ameaga, amelala, ametangulia mbele ya haki. Wazee huzipima kwa makini. Kwa Mwislamu wa Makina 'ametangulia mbele ya haki' ni kauli ya nyumbani. Kwa mama wa Kawangware aliyetoka Vihiga 'amelala' ndilo la kanisani. Katibu anayeandikia wote aweza kusema 'ametuacha', ambalo halimvunji mtu yeyote na halina dini.

Lipo na suala la 'Mama Brayo'. Nairobi, kama kwingi Afrika Mashariki, mwanamke mzima haitwi jina lake na mdogo wake. Huitwa kwa mtoto, mara nyingi yule wa kwanza. Ni heshima iliyokamilika, na katika ploti zetu mwanamke aweza kukaa miaka 20 bila jirani kulijua jina lililo kwenye kitambulisho chake. Lakini heshima hii ina mtego mmoja, nao hufunguka siku mtoto huyo anapofariki. "Mama Brayo amefiwa na Brayo." Jina la kumheshimu linageuka kuwa ukumbusho wa msiba kila linapotajwa. Je, tulibadilishe, tumwite kwa mtoto mwingine? Nadhani hapana. Kulibadili siku ya tatu ni kama kumwambia kwamba umama wake wa kwanza umefutwa. Wanawake wenyewe niliowasikia huendelea kuitana vilevile. Anachoweza kufanya mwandishi ni mambo mawili madogo. La kwanza ni kuandika jina kamili, Mama Brian, kwa sababu 'Brayo' ni jina la kijiweni ambalo rika lilimpa, na mama hakumzaa Brayo. La pili ni kutoyaweka majina hayo mawili katika sentensi moja. Mtaje marehemu kwa jina lake, halafu mtaje mzazi kama 'mama yetu'.

Kuhusu tishio la kuweka majina, sitasema mengi. Kila aliye katika kundi la mchango anazijua zile orodha zenye nambari, jina na kiasi, na jinsi zinavyorudiwa kila mtu akituma. Orodha humweka mzee jina tupu, 'Ouma 500', chini ya kijana aliyetuma mapema. Andika 'Mzee Ouma', na ufuate mpangilio wa kutuma, basi. Orodha ya ambao hawajatuma isiwepo. Mzee asiye na kitu mwezi huo atatoka kimyakimya kwenye kundi, na wala hatarudi.

Kabla sijaonyesha ninavyofikiri ujumbe huu ungeandikwa, nitazame marekebisho ya upande wa pili, yale ya mwalimu. Mpe mwalimu wa sekondari ujumbe ule, atakurudishia kitu kama hiki: "Mnaarifiwa kwamba Bwana Brian amefariki dunia. Mnaombwa kuhudhuria kikao cha mazishi kitakachofanyika leo saa kumi na mbili jioni. Aidha, kila mwanachama anahitajika kutoa mchango wa shilingi 200." Hakuna kosa la sarufi hapa. Lakini msome mzee wa Kawangware anaposoma 'mnaarifiwa' na 'mnaombwa'. Hiyo ni sauti ya baraza la chifu, sauti ya bango lililobandikwa kwenye lango. Kauli ya kutendwa imemficha anayeomba. Mzee hujiuliza: ninaombwa na nani? Heshima kwa wakubwa katika mitaa hii hutaka mwombaji aonekane, ajinyenyekeze kwa nafsi yake. Na vijana nao, wakiambiwa 'kila mwanachama anahitajika', hujiona wako shuleni. Ujumbe umekosa kote kuwili.

Sishangai, kwa kuwa ndivyo tulivyowafunza. Katika insha tunawapa wanafunzi barua rasmi na barua ya kirafiki. Katika karatasi ya pili ya Kiswahili ya KCSE kuna alama 10 za isimujamii, na mtahiniwa huulizwa sifa za sajili ya hospitalini, ya mahakamani, ya sokoni, kila moja katika chumba chake. Mwanafunzi hutoka akiamini kwamba kila ujumbe una sajili moja. Akifika kwenye kundi la matanga anakuta wagonjwa, mahakimu na wachuuzi wameketi chumba kimoja.

Ujumbe ungeweza kuwa hivi:

"Wazazi wetu na wazee wetu, tunawasalimu. Ndugu yetu Brian ametuacha Jumapili usiku. Leo saa kumi na mbili jioni tutakutana nyumbani kwao tukae na mama yetu. Mzee mwenyekiti atatuongoza kwa maombi. Tunaomba tuchangie gari la kumpeleka nyumbani. Tumependekeza 200, na aliyejaliwa aongeze. Mama mweka hazina atapokea kwa namba iliyo hapa chini. Nasi wasee wa Brayo, tukuje saa kumi, tupange viti na tuwashe jiko la chai. Msikaushe. Asanteni wazazi wetu kwa kuwa nasi."

Zingatia kilichotendeka kwenye vitenzi. Hakuna mzee hata mmoja aliyeamrishwa kwa 'm-'. Pale palipokuwa na "mtume" sasa pana 'tuchangie'. Kiambishi 'tu-' kinamfunga mwandishi mwenyewe katika amri anayoitoa, kwa hiyo mzee haoni mtoto akimsukuma, anaona mtoto akitembea mbele yake. Kisha pana nafsi ya tatu. Mwenyekiti hakuambiwa 'utuongoze'. Imesemwa 'Mzee mwenyekiti atatuongoza', ilhali yeye mwenyewe anausoma ujumbe. Hii ni njia ya zamani ya Waswahili na ya lugha zetu nyingine, kumsemesha mkubwa kana kwamba unamsimulia: "Mzee amekula?" "Mama ameamkaje?" Inakwepa 'u-' kabisa, nayo ndiyo iliyo karibu zaidi na ile 'vous' ya Mfaransa kati ya vyote tulivyo navyo.

Mwombaji naye anaonekana: 'tunaomba'. Na kiasi cha pesa kimetajwa kama pendekezo, si makadirio. Utaona pia kwamba wazee hawakutengewa 500 yao. Mzee wa Nairobi anajua kwamba anatarajiwa kutoa zaidi ya kijana. Ukimwambia umemnyang'anya nafasi ya kutoa kwa hiari. Ukinyamaza na kusema 'aliyejaliwa aongeze', ataongeza, na ataonekana ameongeza.

Halafu unakuja mstari wa vijana. Nimeuacha ukiwa na 'wasee', 'tukuje' na 'msikaushe', na najua barua zitakuja kuhusu 'tukuje', maana sanifu ni 'tuje'. Nimeliacha makusudi. Kijana wa Kawangware akiandikiwa 'tuje' na mwenzake atauliza anaringa nini. Rika nalo lina heshima yake, na miongoni mwa wanarika heshima ni kutojiinua. Amri ya 'm-' ambayo kwa mzee ilikuwa tusi, kwa vijana ni ukaribu: 'msikaushe' yamaanisha nawajua, na mnanijua. Na jina 'Brayo', ambalo mbele ya mama halikustahili, hapa limerudi kwa wenyewe waliompa.

Kinachoruhusu mambo haya mawili kukaa pamoja ni neno dogo 'nasi'. Linafanya kazi ya mlango. Msomaji mzee akilifikia anajua kwamba sasa watoto wanasemezana, na yeye amebaki chumbani kwa ridhaa, kama vile mzee anavyoketi sebuleni akiwasikia vijana wakipangana jikoni. Katika ujumbe wa kwanza mlango huo haukuwapo. Mwandishi aliruka kutoka 'wazee mtume' hadi 'machali mkuje' bila onyo. Wengine hutumia mstari mtupu, wengine huandika 'kwetu vijana' au 'na sisi maboi'. Lolote kati ya hayo latosha, ilimradi nafsi iwe ya kwanza, kwamba mwandishi yumo katika kundi analoligeukia. Akisema 'na nyinyi vijana' atakuwa amejifanya mzee, na rika halitamsamehe.

Kuna atakayeuliza: kwa nini asitume jumbe mbili, moja kwa wazee, nyingine kwa vijana? Wapo wanaofanya hivyo, na kwa mambo ya kawaida si vibaya. Kwa matanga sipendekezi. Vijana wakiombwa kupanga viti mbele ya macho ya wazee, watakuja. Wakiombwa faraghani, wanne watasema wako kazini. Wazee nao hutaka kujua kwamba vijana wamepewa kazi, kwa sababu familia iliyofiwa hupimwa na majirani kwa hilo. Kule kusikilizwa na wasiosemeshwa, ambako katika ujumbe wa kwanza kuliwadhuru wazee, hapa kunaisaidia shughuli.

Mbinu hizi zina mipaka yake, na mwandishi aijue. 'Tu-' huwa ya uongo pale ambapo mwandishi hayumo katika tendo. Katibu akiandika 'tulipe madeni yetu ya mwezi uliopita' na kundi zima linajua kwamba anayedaiwa ni mzee mmoja tu, 'tu-' hiyo ni kijembe, na ni kikali kuliko 'ulipe'. Deni la mtu mmoja lipelekwe kwa simu yake, kwa sauti, na mtu wa umri wake. Nafsi ya tatu nayo hugeuka ikishuka kwa rika: 'Kevo atatuma lini?' ni dhihaka, hakuna anayeisikia kama heshima.

Na zile 'shikamooni'? Nimeziondoa. Kwa Mswahili wa pwani au Mtanzania salamu hiyo haihitaji maelezo, na jibu lake ni marahaba. Kibera kuna watu ambao Kiswahili kimo nyumbani mwao kwa vizazi vingi. Wanubi, ambao mababu zao waliokuwa askari wa jeshi la Mwingereza walikaa hapo tangu mwanzoni mwa karne ya 20 na kupaita Kibra, yaani msitu, husalimiana kwa salamu za Kiislamu na kwa Kinubi chao. Mzee wa Makina ataipokea shikamoo pasipo shida. Kawangware mambo ni tofauti. Wazee wengi huko, au wazazi wao, walitoka Magharibi na eneo la Kati, na Kiswahili chao walikipata kazini na sokoni. Shikamoo kwao ni ya kitabu cha shule. Huisikia kwa wajukuu wenye sare. Kijana wa miaka 28 akiwaandikia shikamooni, wengine hucheka, wengine hushuku kwamba pesa zinakuja kuombwa, na huwa hawajakosea. 'Tunawasalimu' haina mji wala dini, na haidai jibu maalumu ambalo mtu asiyelijua ataona haya kulikosa.

Katibu atajuaje kwamba ujumbe wake umekosea? Wazee hawajibu kwa maandishi. Hilo ndilo linalowapotosha vijana, wanaodhani kimya ni kukubali. Ukiona mzee amempigia simu mzazi wa katibu badala ya katibu mwenyewe, kuna neno. Ukiona mwenyekiti ameurudia ujumbe uleule kwa sauti, dakika tatu, akianza upya na salamu, basi ameuandika upya mbele ya kundi, na katibu ausikilize wote, hasa vitenzi.

Jambo la mwisho lahusu sauti. Wazee wengi hawausomi ujumbe huu wenyewe. Macho hayaruhusu, au simu ni ile ndogo ya kabambe na ujumbe umefikia simu ya mtoto. Husomewa na mjukuu, jioni, mlangoni. Mjukuu husoma yote, pamoja na ule mstari wa wasee. Katika kusoma huko, ile tofauti ya 'wasee' na 'wazee' ambayo kwenye kioo ni herufi moja, aghalabu hupotea. Kijaluo hakina sauti ya 'z', wala Kikikuyu, na nyumba nyingi za Kibera na Kawangware hutamka maneno hayo mawili sawasawa. Mzee hasikii cheo alichopewa. Anasikia kitakachofuata, iwapo ni 'mtume' au ni 'tunaomba tuchangie'.